Ngoma Inayosema kwa Kubanwa Kamba

Katika sherehe za Wayoruba, kusini-magharibi mwa Nijeria, mpiga ngoma humsogelea mgeni wa heshima na kumwita kwa jina na kwa sifa za ukoo wake, bila kufungua kinywa. Mgeni hutabasamu, kisha hutoa noti mfukoni. Aliyemwita ni dundun, na maneno yake si ishara za siri walizokubaliana watu wachache. Ni Kiyoruba chenyewe, kilichobakizwa mapigo na mpando wa sauti tu.

Jambo hili linawezekana kwa sababu Kiyoruba, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni. Kila silabi hutamkwa kwa sauti ya juu, ya kati au ya chini, na ukibadilisha sauti hiyo umebadilisha maana. Ọkọ, silabi zote mbili zikiwa za kati, ni mume. Ukiipandisha ya pili, ọkọ́, umetaja jembe. Ukiishusha, ọkọ̀, umetaja chombo cha kusafiria. Ukizishusha zote mbili, ọ̀kọ̀, huo ni mkuki.

Ili kuiga sauti hizo, ngoma moja inapaswa kupanda na kushuka papo hapo. Mzinga wa dundun huchongwa kwa mti, mpana kwenye ncha zote mbili na mwembamba kiunoni. Kila ncha imewambwa ngozi ya mbuzi, na ngozi hizo mbili zimeunganishwa na kamba nyingi za ngozi zinazopita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa kiuno ni chembamba, kati ya kamba na mti kuna nafasi tupu. Siri ya ngoma imo humo. Kamba zikibanwa kuingia katika nafasi hiyo, njia yao inapinda na kurefuka. Kwa kuwa zenyewe hazinyumbuki sana, huvuta kingo za ngozi zote mbili, ngozi zinakazika, na sauti inapanda. Zikiachiwa, sauti inashuka.

Mpigaji wa iya ilu, ngoma kubwa inayoongoza kundi, huining'iniza begani. Mkono mmoja hushika mkwiro uliopinda, mwingine hushughulikia kamba. Gangan, iliyo ndogo zaidi, hubanwa kwapani. Kusema ọkọ́, mpigaji huzibana kamba nusu na kupiga pigo la kwanza, kisha huzibana zaidi na kupiga la pili. Kusema ọkọ̀, huanza vilevile, ila huziachia kabla ya pigo la pili. Anaweza pia kupiga kwanza kisha akabana wakati ngozi bado inalia, na sauti ikapanda kwa kuteleza, kama inavyoteleza kinywani mwa Myoruba sauti ya juu inapoifuata ya chini.

Hakuna kipimo maalumu cha sauti ya juu. Msikilizaji hulinganisha kila pigo na yaliyotangulia, kama anavyoelewa sauti nene ya baba na nyembamba ya mtoto. Linalotakiwa ni sauti tatu zitofautiane vya kutosha. Unyevu ukilegeza ngozi, sauti ya chini hufifia na kuwa kishindo kisicho na mlio. Kamba zikikazwa kupita kiasi wakati wa kuwamba, mkono hukosa nafasi ya kupanda, na sauti ya kati na ya juu hukaribiana hadi zikachanganyika.

Hata hivyo, ngoma iliyo nzima nayo ina mpaka, kwani konsonanti na irabu zimepotea. Ilé ni nyumba, owó ni fedha, iṣẹ́ ni kazi, ọwọ́ ni mkono, na maneno yote manne yana sauti ya kati ikifuatwa na ya juu. Kwenye ngoma yanakuwa neno moja. Kwa hiyo mpigaji hategemei neno pekee. Hutumia methali, na oriki, yaani majigambo na sifa za mtu au ukoo, ambazo wasikilizaji wanazijua tangu utotoni. Kadiri sentensi inavyorefuka, ndivyo maneno mengine yanayoweza kulingana nayo yanavyopungua.

Walokele wa mto Kongo, karibu na Kisangani, walifanya hivyo hivyo kwa ngoma zao za gogo lililotobolewa, zenye sauti mbili tu. Mmishonari John Carrington, aliyeandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alieleza kuwa mwezi na kuku yalikuwa maneno yenye sauti zilezile. Hivyo mpigaji hakusema mwezi tu, alisema mwezi unaoitazama dunia. Kuku naye aliongezewa maelezo ya mlio wake.

Ukisikiliza kundi la dundun bila kujua Kiyoruba, bado unaweza kutambua ngoma inapoanza kusema. Ngoma ndogo huendelea na mdundo uleule wa kuchezea, lakini iya ilu huuacha. Mapigo yake hayagawanyiki tena sawasawa: hukimbia, husita, hutulia mwishoni mwa sentensi, kwa sababu sasa yanahesabu silabi, si hatua za wachezaji.