Modi za Skyrim: Orodha Mbili, Washindi Wawili

Lydia ndiye mlinzi unayepewa mjini Whiterun mara tu Jarl anapokufanya Thane. Katika gemu ya Skyrim iliyojazwa modi, wachezaji wengi humkuta akiwa na uso wa rangi ya masizi, ilhali shingo na mikono yake ina rangi ya kawaida. Kompyuta haina hitilafu, na gemu yenyewe ni nzima. Kilichotokea ni kwamba modi mbili zimemgombania Lydia, na kila moja imeshinda nusu yake.

Nusu ya kwanza ni maelezo: pua ya namna gani, nywele zipi, ngozi ya rangi ipi. Haya yameandikwa katika rekodi ya mhusika huyo. Nusu ya pili ni kichwa chenyewe kilichokwisha kuchongwa na kupakwa rangi, ambacho hukaa katika mafaili ya pekee. Skyrim hutaka nusu hizi mbili zikubaliane. Rekodi ikitoka kwa modi moja na kichwa kikatoka kwa nyingine, uso hugeuka kijivu au mweusi. Ukielewa kwa nini jambo hilo linatokea, umeelewa sehemu kubwa ya kazi ya kupanga modi.

Skyrim ya kwanza ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na toleo la Special Edition, ambalo ndilo wanaotumia modi wengi huchezea leo, likafuata mwaka 2016. Katika matoleo yote mawili modi huwa na vitu vya aina mbili. Aina ya kwanza ni plagini, yaani mafaili yanayoishia na `.esm`, `.esp` au, katika Special Edition, `.esl`. Ndani yake mna rekodi: upanga huu una uzito gani, mlinzi yule anaishi wapi, kazi hii inaanzia kwa nani. Aina ya pili ni maumbo, picha zinazofunika maumbo hayo, sauti na skripti, ambavyo hukaa kwenye folda za kawaida au hufungwa pamoja katika faili la `.bsa`. Aina hizi mbili hugombana kwa sheria tofauti na hupangwa katika orodha tofauti. Anayedhani orodha ni moja tu hatajua kamwe Lydia alipatwa na nini.

Kwa sababu hiyo, programu ya kusimamia modi inafaa ichaguliwe kwa kipimo kimoja: inakuonyesha wazi kiasi gani nani ameshinda wapi. Zinazotumika zaidi kwa Skyrim ni mbili, Vortex na Mod Organizer 2, na zina uhusiano wa damu. Mtunzi anayejulikana mtandaoni kwa jina la Tannin ndiye aliyeanzisha Mod Organizer, kisha akaajiriwa na Nexus Mods na kuongoza utengenezaji wa Vortex.

Vortex huyaweka mafaili ya modi kwenye folda ya gemu iitwayo `Data` kwa njia ya viungo, bila kuyanakili mara ya pili. Kwa kawaida folda ya modi zake hulazimika kuwa kwenye diski ileile yenye gemu. Modi mbili zikiwa na faili la jina moja, Vortex hukuonyesha alama ya radi na kukuuliza ipi ipakiwe baada ya nyingine. Plagini huzipanga yenyewe. Kwa mtu mwenye modi kumi au ishirini, hiyo inatosha kabisa na inampunguzia kazi.

Mod Organizer 2 haigusi folda ya `Data`. Kila modi hukaa katika folda yake, na gemu inapowashwa kupitia programu hii, huonyeshwa folda zote kana kwamba zimeunganishwa. Ukizima modi, gemu inarudi kama ilivyokuwa bila faili hata moja kubaki nyuma. Kubwa zaidi, dirisha lake limegawanyika mara mbili: kushoto ni orodha ya modi, inayoamua mafaili, na kulia ni orodha ya plagini, inayoamua rekodi. Pande zote mbili kanuni ni moja, kwamba aliye chini ndiye mshindi. Kwa mtu anayetaka kuelewa anachokifanya, mimi namshauri aanze na hii, hata kama siku za mwanzo itamchosha.

Kuiweka si kazi ngumu, ila utaratibu una umuhimu. Gemu isiwe ndani ya `Program Files`, kwa kuwa Windows huilinda folda hiyo na huweza kuzuia programu nyingine kuandika humo. Iweke katika folda ya Steam uliyoitengeneza mwenyewe mahali pengine. Iwashe mara moja kupitia Steam mpaka menyu ya kwanza, ili itengeneze mafaili yake ya mipangilio. Kisha fungua Mod Organizer 2 katika folda fupi kama `C:\MO2`, nje ya folda ya gemu, umwonyeshe Skyrim ilipo na uunganishe akaunti yako ya Nexus Mods. Kuanzia hapo, modi unayoipakua hutokea upande wa kulia chini ya `Downloads`. Ubofye mara mbili iingie orodha ya kushoto, uitie tiki, halafu uhakikishe plagini yake nayo ina tiki upande wa kulia.

Modi nyingi kubwa huhitaji pia SKSE, nyongeza inayoipa gemu uwezo ambao watengenezaji wake hawakuuweka. Toleo la SKSE lazima lilingane na toleo la gemu. Ukibofya kulia faili la `SkyrimSE.exe` na kufungua `Properties`, utaona namba kama 1.6.1170 au 1.5.97, na SKSE unayoipakua iwe ya namba hiyohiyo. Steam ikiisasisha gemu bila wewe kujua, SKSE inakataa kufanya kazi. Kwa hiyo weka Steam isisasishe mpaka gemu iwashwe kutoka kwake, nawe uwe unaiwasha kwa SKSE kutoka ndani ya Mod Organizer 2. Mtu akilalamika kwamba ameweka modi zote na hakuna inayoonekana, jambo la kwanza la kumuuliza ni kama amebofya ikoni ya Steam.

Sasa tuje kwenye mpangilio wa plagini. Gemu husoma plagini moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini. Kila rekodi ina namba ya tarakimu nane, na mbili za mwanzo hutokana na nafasi ya plagini iliyoizaa. Upanga wa chuma wa kawaida ni `00012EB7`, na hizo sifuri mbili ni nafasi ya `Skyrim.esm`, faili mama linalosomwa kabla ya yote. Plagini kamili haziwezi kuzidi 254, ilhali zile nyepesi hushiriki nafasi moja, `FE`, na zinaweza kufika 4096.

Upanga huo una madhara 7, uzito 9 na thamani 25. Tuseme una plagini mbili ndogo za mfano. Ya kwanza inaongeza madhara yawe 9 na haigusi uzito. Ya pili inapunguza uzito uwe 6 na haigusi madhara. Katika faili la `plugins.txt`, ambamo nyota humaanisha kwamba plagini imewashwa, zimekaa hivi:

```
*Panga_Kali.esp
*Mzigo_Mwepesi.esp
```

Wengi hutarajia upanga wenye madhara 9 na uzito 6. Watakaoupata una madhara 7 na uzito 6. Sababu ni kwamba plagini inapobadili rekodi huibeba yote, pamoja na sehemu ambazo mtunzi wake hakuzigusa. `Mzigo_Mwepesi.esp` imekuja na madhara yale ya asili, 7, na kwa kuwa ni ya mwisho, imeifunika kazi ya mwenzake. Geuza mpangilio, upate madhara 9 na uzito 9. Hakuna mpangilio wa plagini hizi mbili utakaokupa vyote, maana mpangilio huchagua mshindi tu, hauwezi kuchanganya.

Anayeweza kuchanganya ni wewe, kwa kutumia programu ya SSEEdit. Iwashe kutoka ndani ya Mod Organizer 2, la sivyo haitaziona modi zako. Ukiufungua upanga, utaona safu tatu: ya asili kushoto, ya mshindi kulia kabisa, na mandhari mekundu yakikuonya kwamba kuna mgongano. Bofya kulia rekodi ya `Mzigo_Mwepesi.esp`, chagua `Copy as override into...`, uelekeze kwenye faili jipya la aina nyepesi. Katika safu mpya inayotokea, buruta ile 9 ya madhara kutoka `Panga_Kali.esp`. Funga na uhifadhi. Faili jipya utalikuta katika `Overwrite`, mwisho wa orodha ya kushoto. Lifanye modi inayojitegemea, na plagini yake uiweke chini ya zile mbili. Viraka vingi vinavyosambazwa pamoja na modi kubwa vimetengenezwa kwa njia hiihii.

Lydia naye anatibiwa kwa kulinganisha orodha zote mbili. Namba yake ni `000A2C8E`. Mtafute katika SSEEdit uone plagini ya mwisho inayomgusa. Kisha katika orodha ya kushoto tazama modi ya mwisho yenye faili la `000A2C8E.nif`, ambalo ndilo kichwa chake. Ukikuta plagini inayoshinda ni ya modi iliyobadili silaha za walinzi, na kichwa kinachoshinda ni cha modi ya sura, shusha plagini ya modi ya sura ikae chini ya ile ya silaha. Uso utarudi. Huenda akapoteza silaha zake mpya, na hapo kiraka kama cha upanga kitahitajika.

Kuna programu iitwayo LOOT inayopanga plagini kwa kufuata kanuni zilizokusanywa na wachezaji, nayo ni mwanzo mzuri. Inajua plagini ipi inaitegemea ipi, na modi ipi imetolewa taarifa kwamba iwe juu au chini. Isichojua ni kama wewe unapenda sura za modi hii kuliko za ile. Haipangi orodha ya kushoto hata kidogo.

Gemu ikijifunga hata kabla ya menyu kutokea, tazama kwanza plagini iliyokosa mama yake. Mod Organizer 2 huweka alama ya onyo pembeni ya plagini hiyo, na ukipeleka kipanya juu yake hukutajia faili linalokosekana. Ama likosekanalo lipakuliwe, ama plagini iondolewe tiki.

Mwisho ni kuhusu kuondoa. Modi inapokuwa na skripti, skripti hizo huandikwa ndani ya mchezo uliohifadhi, na kuifuta modi hakuzifuti humo. Mchezo unaweza kuendelea vizuri kwa saa nyingi, kisha kazi zikakwama au gemu ikaanza kujifunga, nawe usijue chanzo. Modi ya picha tupu unaweza kuitoa wakati wowote. Yenye plagini na skripti iache mpaka umalize mchezo ulioanza nao, ndipo uitoe na kuanza mwingine.