Baba mgeni, mtoto Mkongomani

Wamama, tunasikia mara nyingi: "Baba yake ni Mtanzania, basi mtoto ni mgeni." Sivyo. Kwa sheria ya tarehe 12 Novemba 2004, mtoto ni Mkongomani tangu kuzaliwa kama baba ao mama ni Mkongomani. Haombi uraia; cheti cha kuzaliwa kinasaidia kuuonyesha.

Tuseme umezaa hapa Kasuku na bwana Mtanzania. Peleka karatasi ya materinite na kitambulisho chako kwenye eta-sivili ya komini mbele siku 90 hazijapita. Kabla ya kutia sahihi, soma: jina lako na uraia wako vimeandikwa? Visipoandikwa, cheti hakionyeshi kwamba mama ni Mkongomani. Siku 90 zikipita, lazima kwanza hukumu ya tribinali.