Video ya kioo cha simu na mahali inapohifadhiwa

Picha ya skrini huonyesha kioo cha simu kilivyokuwa kwa nukta moja ya wakati. Hitilafu nyingi za simu hazimo katika nukta hiyo, kwa sababu hutokana na mfuatano wa mambo: kitufe kilichobonyezwa mapema mno, ukurasa uliorudi nyuma wenyewe, ujumbe uliotokea na kufutika kabla haujasomwa.

Mfano ni mwombaji wa chuo anayejaza fomu kwenye simu yake. Amechagua mkoa, na orodha ya wilaya inafunguka ikiwa tupu. Anapiga picha ya skrini na kuituma kwa ofisi ya udahili. Mhudumu wa ofisi anaona orodha tupu, basi. Hawezi kujua kama mtandao ulikuwa umekatika, kama fomu ni mbovu, au kama mwombaji aliruka hatua. Video ya sekunde 25 ingemwonyesha mkoa ukichaguliwa, alama ya kusubiri ikianza kuzunguka, na kidole kikigusa orodha ya wilaya kabla alama hiyo haijatoweka. Kosa lingejulikana bila kuulizana maswali kumi.

Kwa simu za Android, kinasa video cha skrini kilianza kuwa sehemu ya mfumo wenyewe katika toleo la 11, lililotoka Septemba 2020. Baadhi ya watengenezaji wa simu walikuwa wameshaweka chao kabla ya hapo. Kitufe chake hukaa miongoni mwa vile vya tochi na Wi-Fi, ambavyo huonekana kidole kinapoburutwa mara mbili kutoka juu ya kioo kwenda chini. Simu iliyowekwa kwa Kiingereza hukiita `Screen record` au jina linalokaribiana na hilo. Kisipoonekana, aghalabu kimo kati ya vitufe ambavyo havijapangwa mbele. Alama ya kalamu iliyo hapo hapo humwezesha mtu kukivuta kwenye safu ya mbele.

Kabla ya kuanza, simu huuliza walau mambo mawili. La kwanza ni sauti: isirekodiwe kabisa, irekodiwe ile inayotoka ndani ya simu, ichukuliwe ya maikrofoni, au zote mbili. Kwa kueleza hitilafu, maikrofoni inafaa zaidi, maana mtu anaweza kusema anachofanya huku akikifanya. La pili ni kuonyesha miguso. Likiwashwa, nukta huonekana kila mahali kidole kinapogusa kioo. Katika mfano wa fomu hii ndiyo nukta iliyobeba ushahidi wote; bila hiyo, mtazamaji angeona orodha ikifunguka tu bila kujua nani aliyeigusa na lini. Simu kisha huhesabu tatu, mbili, moja, na kurekodi kunaanza. Kusimamisha hufanywa kwa kuburuta tena kidole kutoka juu na kugusa arifa ya kurekodi inayoonekana hapo.

Hapo ndipo wengi hupotelewa. Picha ya skrini imewazoesha kufungua folda iitwayo `Screenshots`, iliyo ndani ya `Pictures`, na video haimo humo. Kinasa asilia cha Android huiweka katika folda nyingine kabisa, `Movies`, kwa jina lenye tarehe na saa ndani yake:

```
Movies/screen-20250314-101522.mp4
```

Jina hili husomeka hivi: mwaka 2025, mwezi wa 3, tarehe 14, saa nne na dakika 15 asubuhi, sekunde 22. Watengenezaji wengine wana mpango wao. Simu za Samsung, kwa mfano, huweka video hizi ndani ya `DCIM`, folda ile ile ya picha za kamera, katika folda ndogo ya rekodi za skrini. Njia isiyotegemea aina ya simu ni kufungua programu ya kutazama mafaili, kuchagua sehemu ya video, na kupanga kuanzia iliyo mpya. Rekodi iliyokamilika sasa hivi itakuwa ya kwanza.

Lakini lazima iwe imekamilika. Wakati wa kurekodi, faili huandikwa kwanza kama faili la muda, mahali pa ndani ambapo mtumiaji hafiki. Mtu akisimamisha ndipo simu hulinakili kwenda `Movies`. Tena faili la mp4 huhitaji orodha ya ndani inayoeleza kila kipande cha picha na sauti kiko wapi, na kwa kawaida orodha hiyo huandikwa mwishoni. Kwa hiyo simu ikizimika kwa kuishiwa chaji katikati ya kazi, hakuna video ya kutafuta. Nafasi nayo ni muhimu: kwa muda mfupi wa kunakili, simu hushika nakala mbili za faili moja, hivyo iliyobakiza nafasi finyu inaweza kurekodi mpaka mwisho kisha ikashindwa kuhifadhi.

Ukubwa wa faili hukadirika. Kinasa asilia hulenga takriban biti milioni 7 kwa sekunde kwenye kioo cha nukta 720 kwa 1600, kikipiga picha 30 kila sekunde. Hiyo ni kama megabaiti 50 kwa dakika, na video ya mwombaji wetu ya sekunde 25 haizidi sana megabaiti 20. Kioo chenye nukta nyingi zaidi huongeza mzigo huo. Anayehesabu bando afanye jaribio kimya kimya kwanza, kisha arekodi hatua zinazohusika tu, na ncha zisizo na kazi azikate kwa kihariri cha video kilicho kwenye programu ya picha. Video ikitumwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa, na maandishi madogo huweza kufifia. Ikitumwa kama `Document` hufika ilivyo.

Yapo yasiyorekodiwa. Programu nyingi za benki huuambia mfumo usinase kurasa zao, na sehemu hiyo ya video hutoka nyeusi tii. Hilo si ubovu wa simu. Sauti ya mtu wa upande wa pili katika maongezi ya simu nayo haichukuliwi kwa chaguo la sauti ya ndani.

Programu isiyojikinga, kwa upande wake, hunaswa yote, pamoja na yaliyopita bila kukusudiwa: arifa ya ujumbe wa ndugu, tarakimu za kuthibitisha akaunti, salio. Namba ya siri inayofichwa kwa vitone inaweza kufichuliwa na nukta za miguso, kwa kuwa zinaonyesha kila tarakimu iliyoguswa kwenye vitufe. Arifa zizimwe kabla ya kuanza, namba ya siri iingizwe kabla ya kurekodi, na video itazamwe yote kabla ya kutumwa. Ikishafanya kazi yake ifutwe, kisha ifutwe pia kwenye pipa la taka la programu ya picha: katika Google Photos, video ambayo haikuwekewa nakala mtandaoni hukaa humo siku 30, na iliyowekewa hukaa siku 60.