Maji ya ghorofani hayana nguvu? Mwandikie fundi hivi kabla hajafika

"Fundi, maji juu hayana presha, njoo uangalie." Ujumbe wa namna hii hutumwa asubuhi, watoto wakiwa wanachelewa shule na shawa ya juu ikitoa maji membamba kama uzi. Fundi anafika saa tano. Watoto hawapo, tangi limeshajaa, hakuna anayetumia maji. Anafungua koki, anaona maji yanatoka kiasi, anakaza hapa na pale, anachukua nauli yake na kuondoka. Kesho yake asubuhi shida ni ile ile.

Au anashauri inunuliwe pampu. Pampu ni dawa nzuri pale tatizo ni kimo kidogo cha tangi. Lakini kama kuna kitu kimeziba njiani, pampu itavuta maji kupitia tundu lile lile dogo. Itanguruma, maji yataongezeka kidogo tu, na inaweza kuharibika kwa kukosa maji ya kutosha. Fedha ya ada inakuwa imeishia darini.

Fundi hahitaji mzazi ajue ufundi. Anahitaji mambo machache ambayo aliyeko nyumbani anaweza kuyaona vizuri kuliko yeye. Chukulia nyumba ya ghorofa moja yenye simtanki juu ya paa, ambayo mama mwenye nyumba anamwandikia fundi wake hivi:

"Habari za leo fundi. Ni mimi mama wa geti la kijani, uliyenifungia sinki mwaka jana. Maji ya juu yamepungua tangu Jumamosi, siku tangi liliposafishwa. Kabla ya hapo yalikuwa mazuri. Ni mabafu yote mawili ya juu, maji ya moto na ya baridi sawasawa, saa zote. Chini hakuna shida. Koki ya bafuni juu inajaza ndoo ya lita 10 kwa dakika 3 na sekunde 20. Ya jikoni chini inajaza kwa dakika 1. Nikifungua ya chini, ya juu haibadiliki. Tangi ni la lita 2,000, na leo asubuhi lilikuwa zaidi ya nusu. Kitako chake kiko kama mita 2 juu ya shawa. Hatuna pampu. Nimekutumia picha za tangi na za koki zote zilizo karibu nalo. Ngazi ipo. Unaweza kuja Jumamosi saa 2 asubuhi? Naomba pia uniambie gharama ya kuja kuangalia."

Ni ujumbe wa kusomwa kwa dakika moja, lakini umeshamfanyia fundi nusu ya kazi.

Neno lenye uzito kuliko yote humo ni "tangu Jumamosi". Maji yaliyokuwa dhaifu tangu nyumba ilipohamiwa yana sababu tofauti na maji yaliyopungua juzi. Yale ya tangu mwanzo mara nyingi ni suala la kimo. Kila mita moja ya kimo kutoka kwenye maji ya tangi hadi kwenye koki huongeza presha ya kama bar 0.1. Shawa iliyo mita 2 chini ya tangi inapata bar 0.2 hivi, wakati koki ya ghorofa ya chini, iliyo mita 3 zaidi chini, inapata bar 0.5. Ndiyo maana juu hakuwezi kulingana na chini, hata kila kitu kikiwa kizima, na baadhi ya shawa za umeme hugoma kuwaka. Lakini paa halikushushwa Jumamosi. Kilichobadilika siku ile kiko ndani ya mabomba au kwenye koki za tangi.

Ndoo nayo ina kazi yake. "Maji kidogo" ya mtu mmoja ni "maji ya kutosha" ya mwingine, ila lita 10 kwa dakika 3 na sekunde 20 ni lita 3 kwa dakika, haina ubishi. Kama ndoo haina alama, chupa mbili za maji za lita 5 zinatosha kuipimia. Saa ya simu inafanya mengine. Kipimo kifanywe koki ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, na saa ile ambayo shida huonekana. Koki ya kawaida ni bora kuliko shawa, kwa kuwa tundu za shawa zikishikwa na chumvi ya maji ya kisima hupunguza maji zenyewe.

Kuhusu mabafu yote mawili, moto na baridi: ingekuwa koki moja tu, fundi angeanza na kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa koki hiyo. Ingekuwa maji ya moto peke yake, angekwenda kwenye hita. Yakiwa yote yamepungua kwa pamoja, anatafuta mahali bomba la juu linapoanzia.

Jaribio la kufungua koki ya chini ndilo wengi hawalijui. Watu hudhani chini kukiwa kuzuri basi tangi na bomba lake kuu ni salama. Si lazima. Chini kuna mita 3 za ziada, hivyo bomba kuu likianza kuziba, ghorofani ndiko kunakoumia kwanza. Dalili yake ni kwamba ukifungua maji ya chini, ya juu yanakatika, au koki inaanza kuvuta hewa kwa mlio wa kufyonza. Katika nyumba hii ya juu hayakubadilika. Basi kizuizi kiko kwenye tawi la juu peke yake.

Picha zikaonyesha kwamba tawi hilo lina geti valvu, ile koki yenye gurudumu dogo la kuzungusha. Wanaosafisha tangi huifunga na kuifungua tena. Ikiwa kuukuu, kile kipande cha ndani kinachoziba njia huweza kuachana na mhimili wake. Gurudumu linazunguka mpaka mwisho kana kwamba koki iko wazi, kumbe kipande kimebaki chini kikiziba sehemu kubwa ya njia. Kwa nje haionekani.

Uwezekano mwingine ni matope yaliyotibuliwa wakati wa kusafisha, au hewa iliyonasa bombani tangi lilipokuwa tupu. Kwa hiyo fundi anakuja na spana mbili, valvu mpya ya kipimo kile kile, na mpira wa kusukumia maji kutoka chini endapo ni hewa. Pampu hata haitajwi.

Mzazi asipande paani mwenyewe kutafuta picha, wala asimtume mtoto. Akipiga akiwa kwenye ngazi imara au dirishani, inatosha. Usiku wa kuamkia siku ya kazi ajaze ndoo za jikoni na chooni, maana tangi litafungwa kwa muda.

Jumamosi saa 3 valvu imeshabadilishwa, na ile kuukuu imekatwa kuonyesha kipande kilichoanguka ndani. Kabla fundi hajalipwa, ndoo ile ile inarudishwa chini ya koki ile ile ya juu. Inajaa kwa dakika 1 na sekunde 30. Bado hapalingani na jikoni, na kwa mita 2 za kimo hapatalingana. Kama familia itataka shawa yenye nguvu zaidi ya hapo, sasa ndipo mazungumzo ya pampu yana maana.