Mistari 13,000 na Swali Moja

Novemba 2025, watunzaji wa OCaml, lugha ya kuandikia programu iliyoanzia Ufaransa mwaka 1996, walipokea mzigo usio wa kawaida. Mtu mmoja aliwaletea kwa mkupuo mistari zaidi ya 13,000 ya msimbo, karibu yote imeandikwa na zana ya akili mnemba, akiomba iingizwe kwenye lugha hiyo. Wazo lenyewe halikuwa baya: lingewasaidia waandishi wa programu kufuatilia hatua kwa hatua programu inayoendeshwa na kuona inakwama wapi. Ila walipofungua mafaili, wakakuta baadhi yake yana jina la mtaalamu mwingine kabisa, ametajwa kuwa ndiye mwandishi. Mleta kazi alipoulizwa jina hilo limefikaje pale, alijibu kuwa mashine ndiyo iliyoamua hivyo, naye hakuhoji.

Ombi lake likafungwa.

Katika kazi ya programu, mtu hamwagi msimbo wake moja kwa moja kwenye ghala kuu. Hupeleka ombi, lile ambalo kwenye skrini ya GitHub husomeka `Pull request`, kisha mkaguzi analipitia mstari kwa mstari, anauliza, anarudisha, na mwisho analikubali au kulikataa. Desturi hiyo ilijengwa juu ya jambo ambalo hakuna aliyelazimika kulitamka: aliyeleta msimbo ameuandika, kwa hiyo anaujua. Ukaguzi ulikuwa mazungumzo ya watu wawili ambao wote wamekwisha kuumiza vichwa juu ya kitu kimoja.

Siku hizi mmoja wao huenda hajaumiza kichwa hata kidogo. Utafiti wa kampuni ya SmartBear, uliofanywa ndani ya kampuni ya Cisco na kutolewa mwaka 2006, ulionyesha kuwa mkaguzi huona makosa vizuri anapopitia mistari 200 hadi 400 kwa mara moja. Ikizidi hapo macho yanapita tu. Kwa kipimo hicho, mzigo wa OCaml ulihitaji vikao visivyopungua 33. Zana huzalisha kwa dakika, binadamu hukagua kwa siku, na gharama yote inamwangukia asiyeomba kazi hiyo.

Ndiyo maana kanuni zimeanza kuandikwa. Baadhi ya miradi imefunga mlango kabisa: Gentoo, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilikataza michango ya akili mnemba Aprili 2024. Wengine wameuacha wazi kwa masharti. Mradi wa LLVM, ambao lugha kama Rust na Swift huutegemea kugeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, unaruhusu zana hizo mradi pawepo binadamu anayesimama nyuma ya kazi. Anatakiwa awe amesoma kila kitu kabla ya kumwomba mwenzake akague, aseme wazi kama zana imefanya sehemu kubwa, na aweze kujibu maswali kuhusu kazi hiyo kama yake. Kutaja zana hufanywa kwa mstari mmoja kwenye maelezo ya mabadiliko:

```
Assisted-by: jina la zana
```

Sharti la kutaja zana ni jepesi. Lenye kazi ni lile la kujibu maswali, maana hapo mkaguzi anapaswa kupima kitu kisichoonekana kwenye skrini: uelewa wa mtu.

Chukua mfano mdogo, wa aina inayoweza kukutwa katika programu yoyote ya Tanzania inayopokea namba za simu. Wateja huandika wapendavyo, wengine wakianza na 07, wengine na +255. Mwandishi anaiagiza zana imtengenezee kipande cha Python cha kuzifanya zote zianze na 255. Inampa hiki:

```python
def sanifisha(namba):
    namba = namba.replace(" ", "").lstrip("+255")
    return "255" + namba.lstrip("0")
```

Kinasomeka vizuri. Ukikipa `0712 345 678` kinatoa `255712345678`. Ukikipa `+255 712 345 678` kinatoa jibu lilelile. Zana imeandika na majaribio mawili, yote yamepita, na alama za kijani zimewaka. Mkaguzi mwenye haraka angelikubali ombi bila kusita.

Mkaguzi makini anauliza swali moja: "Namba ya mezani ya Dar es Salaam, `+255 22 299 9999`, ikiingia hapa itatoka vipi? Nijibu kabla hujaiendesha."

Swali hilo limechaguliwa kwa akili. Amri ya `lstrip` haiondoi neno "+255" kama neno. Huondoa kutoka mwanzoni kila herufi iliyomo katika kundi hilo, yaani kila alama ya kujumlisha, kila 2 na kila 5, hadi ikutane na kitu kingine. Namba za simu za mkononi huponea hapo kwa bahati, kwa kuwa baada ya 255 hufuata 6 au 7. Namba ya mezani ya Dar es Salaam huendelea na 22, hivyo mbili zake zote za mwanzo zinafagiliwa. Kinachotoka ni `255999999`, tarakimu tisa badala ya kumi na mbili. Hakuna onyo lolote. Mteja hatapigiwa tu.

Mwandishi anayeujua msimbo wake ataliona hilo, au angalau atasema kuwa hana uhakika na `lstrip` na kwenda kulichunguza. Asiyeujua hujitambulisha kwa namna yake. Anarudia maelezo ya jumla kwamba kipande "kinasafisha namba kwa usalama". Au anarudi baada ya dakika mbili na msimbo mpya wote, mrefu kuliko wa kwanza, bila kujibu alichoulizwa. Hiyo ya pili ndiyo dalili kubwa zaidi: swali limepelekwa kwenye zana, na mkaguzi sasa anajibizana na mashine kupitia mtu wa kati.

Kwa hiyo wakaguzi wengine huomba jambo ambalo ni gumu kulipitisha kwa mtu wa kati. Wanapiga simu ya dakika kumi, mwandishi anafungua faili na kulieleza kwa kinywa. Au wanamtaka aandike kwanza jaribio linaloshindwa kwa msimbo wa sasa, ndipo arekebishe. Hapa marekebisho ni neno moja tu, `removeprefix("+255")` badala ya `lstrip("+255")`, amri iliyopo tangu Python 3.9.

Njia hizi zina mipaka. Mtu anaweza kuelewa msimbo wake vizuri na bado ukawa na kasoro, kwa hiyo majaribio na macho ya pili hayaondoki. Na mwandishi mwenye aibu, au asiyezoea lugha ya mradi, anaweza kushindwa kueleza kitu anachokijua. Mkaguzi anayeuliza kama hakimu atamfukuza mtu mzuri. Tena swali lenyewe hugharimu muda: ili kuuliza habari ya namba ya mezani, mkaguzi lazima awe ameiona hatari mwenyewe.

LLVM imejaribu kupunguza gharama hiyo kwa kuanzia chini. Mgeni anashauriwa aanze na mabadiliko madogo anayoyaelewa yote. Na zile kazi nyepesi zilizowekewa lebo ya `good first issue`, ambazo wakongwe wangeweza kuzimaliza kwa nusu saa, zimeachwa makusudi ili wanaoanza wajifunzie. Kwenye hizo, zana za akili mnemba haziruhusiwi kabisa.