Je, Wajua? Kona ya Bomba Hukatwa kwa Nusu ya Pembe

Kona ya bomba kubwa la chuma mara nyingi haikukunjwa. Imeungwa kwa vipande vifupi vilivyonyooka, kila kimoja kimekatwa mshazari, hadi mgongo wake ukafanana na mkia wa kambakoche.

Tuseme fundi anataka kona ya digrii 90 kwa vipande 4. Akigawa 90 kwa 4 atakuwa amekosea mapema, kwa sababu kipande chenyewe hakipindi. Panapopinda ni kwenye maungio, na vipande 4 vina maungio 3. Basi 90 kwa 3 ni digrii 30 kwa kila ungio, na vipande viwili vinavyokutana hapo hugawana sawasawa: kila kimoja kinakatwa digrii 15.

Kwa nini vigawane? Bomba likikatwa wima, mdomo wake ni duara. Likikatwa mshazari, mdomo unarefuka kama yai. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 219. Ukikata upande mmoja digrii 30 na kuuacha mwingine wima, mdomo wa kwanza utakuwa na urefu wa milimita 253 na wa pili 219, wala haitaoana. Kila upande ukikatwa digrii 15, midomo yote miwili inafika milimita 227 na kukaa sambamba.

Kuchora mstari wa mkato huo kwenye bomba la mviringo kunahitaji karatasi tu. Izungushe kwenye bomba mara moja, ikate pale inapokutana, kisha ikunje sehemu 12 kama saa. Piga mstari wa katikati. Kipenyo ukikizidisha kwa tanjenti ya digrii 15, yaani 0.268, unapata karibu 59. Nusu yake ni milimita 29. Kwenye saa 12, ambayo ni mgongo wa kona, panda 29 juu ya mstari. Saa 1 panda 25. Saa 2 panda 15. Saa 3 uko kwenye mstari wenyewe. Kutoka hapo shuka kwa vipimo hivyo hivyo hadi saa 6, tumboni, kisha rudi juu upande wa pili. Unganisha alama kwa mkono mlaini, nawe una mstari wa kukatia.

Vipande vyote hutoka kwenye bomba moja: mkato mmoja huelekea kulia, unaofuata kushoto, kisha kila kipande cha pili kinageuzwa nusu mzunguko. Ndiyo maana kabla ya kukata hupigwa mstari wa chaki mgongoni na mwingine tumboni. Baada ya kugeuza, mstari wa mgongo lazima ukutane na wa tumbo kwenye kila ungio. Mistari hiyo ikiachana, kona itajisokota na haitalala sakafuni.

Shikiza kwanza kwa nukta chache za kuchomelea, kisha weka skwea. Aliyegawa kwa 4 atakuta kona yake imepinda digrii 67.5 tu.