Herufi Inayosomeka Kutoka Kwenye Benchi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi picha ya gemu inavyofika kwenye runinga. Leo tunatazama vinavyobandikwa juu ya picha hiyo: saa ya mechi, magoli, ramani ndogo, maelezo ya kazi.

Chukua kibanda cha gemu Mbinga mjini au kule Mbamba Bay: runinga ya inchi 32, benchi mita 2.5 kutoka kwenye kioo. Kioo hicho kina kimo cha sentimita 40 hivi, na picha ya kisasa hukigawa katika mistari 1080. Herufi yenye kimo cha mistari 20 basi ina milimita 7 na ushei. Mtengenezaji aliyekaa nusu mita kutoka kwenye kompyuta yake huiona kubwa. Kutoka kwenye benchi, mara tano mbali zaidi, jicho huipata ndogo mara tano. Ndiyo maana kijana husogea mbele na kuwaziba wenzake.

Kanuni yangu ya kupata kimo cha herufi ni kugawa umbali kwa 200. Mita 2.5 hutoa milimita 12.5, yaani mistari kama 34 kwenye runinga hiyo. Mwongozo wa Xbox unataka isipungue 26. Kwa benchi letu naona hiyo ni kidogo. Mwenye kibanda apime kwa rula herufi kubwa ya maelezo, kisha alinganishe.

Kosa hili ni la zamani. Mwaka 2006 Capcom ilitoa Dead Rising kwa Xbox 360, na wenye runinga za kichogo wakashindwa kusoma maelezo. Maandishi yalipangwa kwa picha ya mistari 720. Yakishushwa hadi 480, herufi ya mistari 18 hubaki na 12, tena yenye ukungu. God of War ya 2018 nayo iliongezewa chaguo la kukuza maandishi baada ya kutoka.

Kukuza pekee hakutoshi. Runinga nyingi hukata ukingo wa picha, na kichogo huweza kula asilimia 5 kila upande. Katika mistari 1080, hiyo ni 54 juu na 54 chini. Magoli yaliyobandikwa kwenye pembe hupotea nusu, na yakikuzwa kuelekea nje hupotea zaidi. Mtengenezaji makini huyakuza kuelekea ndani, pembe ikiwa imeshikwa ndani ya asilimia 90 ya picha.

Ukiona saa ya mechi imekatwa, anza na menyu ya ukubwa wa picha kwenye runinga. Baadhi huandika "Just Scan" au "Screen Fit". Isipokuwepo, PS4 ina "Display Area Settings", inayopunguza picha nzima hadi pembe zote zionekane. Ila herufi nazo hupungua, kwa hiyo rudi na rula upime tena.

Wiki ijayo: skrini iliyogawanywa kwa wachezaji wawili.